Yaani kaumeza mji mzima! Huyu mtu wa makala za historia nani kampa kompyuta?

Mbuyu Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule wa makala za historia ya pwani, mwenye muziki kama gari moshi linapita sebuleni. Ya leo imetoka saa moja iliyopita na bado mapigo ya moyo hayajatulia.

Msimulizi anakwenda vizuri, anajenga: "Na mji ulioitawala biashara ya dhahabu ya Sofala ulikuwa..." Anatua kidogo, kama msimulizi anayeijua kazi yake. BWAAAAAA! Ngoma, zeze na mazagazaga yote. Halafu unasikia: "...Kisiwani."

Kisiwani KIPI wewe?!

KILWA nzima imemezwa. Mji uliojengwa kwa matumbawe, umesimama karne na karne, kauangusha mtu mmoja kwa kitufe cha Release. Mnisaidie kumlaani.

dadaWaTanga
Kumbe Kilwa! Hapa nyumbani tumegombana, mzee anasema Pemba, mimi nikasema Mafia 😂

Chumvi Nyingi
Mleta uzi nunua spika, acha kulia kama umeibiwa kuku.

Fundi Kanda
Spika haihusiki. Hapo kuna makosa mawili yamekutana sehemu moja. La kwanza, muziki unapanda haraka mno. Ukiweka Release milisekunde 100, kila msimulizi akivuta pumzi muziki unadhani kamaliza. Kutua pale kulikuwa kama nusu sekunde, kwa hiyo ulishapanda wote. La pili, Attack yake ni ndefu, kwa sikio langu 300 hivi. Maana yake anapoanza tena kusema, muziki unachukua karibu theluthi ya sekunde kushuka. "Ki-lwa" ni silabi mbili tu. Zimekwenda na maji.

Kwa simulizi Release iwe sekunde moja au zaidi, ili kutua kwa mkato kusiuamshe muziki. Uamke aya ikiisha.

Kinyozi wa Mtaa
Mnajisumbua. Shusha muziki dB 20 chini ya sauti mwanzo hadi mwisho, mambo kwisha.

Fundi Kanda
Sauti itasikika, kweli. Ila penye mapumziko ya sekunde kumi bila msimulizi, mtu atadhani simu imezima. Na muziki wenye mwimbaji hata ukiushusha hivyo bado maneno yanagongana na maneno.

Mbuyu Mkavu
Mwimbaji tusiguse kwanza. "...ulikuwa BWAAAAAA Kisiwani." Nimerudia mara tisa. Mara ya tisa nimesikia "lwa" kwa mbali, kama mtu anaomba msaada kisimani.

Mgeni Rasmi
Samahani, kwenye Audacity nimeona Auto Duck. Duck si bata? Jamaa anakula bata huku nyie mnaumia.

Zeze Moja
Bata huyo huyo angemwokoa. Auto Duck inaipitia sauti yote kwanza, kwa hiyo inashusha muziki nusu sekunde KABLA msimulizi hajafungua mdomo. Kompresa ya kawaida inasubiri imsikie ndipo ishuke, ndiyo maana silabi ya kwanza huliwa. Ila traki ya sauti ikae chini ya traki ya muziki, na uchague muziki peke yake. Ukizigeuza, inakugomea.

Kwa wa ffmpeg, sauti inayosikika icheleweshe milisekunde 300, ile inayomwamuru muziki usiicheleweshe:

```
ffmpeg -i sauti.wav -i muziki.wav -filter_complex "[0:a]asplit=2[k][s];[s]adelay=300:all=1[s2];[1:a][k]sidechaincompress=threshold=0.03:ratio=6:attack=100:release=1200[m];[s2][m]amix=inputs=2:duration=first:normalize=0" miksi.wav
```

Mwishoni mwa sauti.wav acha ukimya wa sekunde mbili tatu, la sivyo muziki unaweza kukatika kabla ya neno la mwisho. Na msimulizi akishusha sauti kwa mbwembwe, punguza hiyo 0.03, maana mnong'ono hauifikii.

Kinyozi wa Mtaa
Basi aweke ratio 20, muziki upige magoti kabisa.

Zeze Moja
Ukifanya hivyo utasikia muziki unahema, juu chini juu chini. Wewe mwenyewe utafungua uzi.

dadaWaTanga
Afadhali huyo ana muziki. Ma-MC wa harusi je? DJ anashusha wimbo MC akishamaliza kutaja jina la bwana harusi!

Chumvi Nyingi
Na kwenye basi? Kondakta anatangaza kituo juu ya singeli. Juzi kuna watu wamepitilizwa.

Mgeni Rasmi
Kituo gani hicho mkuu?

Mbuyu Mkavu
Jamani, KILWA...

Chumvi Nyingi
Hapana, ni Mbagala.