Tupeane uzoefu: barua pepe ya Kiingereza isiyo na kosa la sarufi, lakini mteja kaelewa kingine

Mtafsiri wa Makole
Wadau, wengi tunajua kujicheka kwa vile vya wazi, mtu kuandika "sorry for work" akimaanisha pole na kazi. Hivyo havina hasara, msomaji anakunja uso kisha anaendelea. Vinavyoumiza ni vile ambavyo sentensi imekaa sawa na kikagua tahajia hakipigi mstari mwekundu, ila siku au saa aliyoielewa msomaji siyo uliyomaanisha wewe. Nataka tukusanye hivyo tu, hasa vya muda.

Naanza na mfano niliouunda. Muuzaji wa asali yuko Dodoma, mzigo unapakiwa Itigi, mnunuzi yuko Hamburg. Barua inaandikwa Jumanne tarehe 10 Machi 2026:

```
Your 40 drums of honey are ready.
The lorry leaves Itigi on Saturday night at 8.
You will pay the balance until 20 March.
Please call me tomorrow at 4 o'clock.
The certificate is still.
```

Mistari minne ina matatizo. Semeni mnaona nini.

Kibaigwa_Mizani
Rahisi hiyo. Kila saa ya Kiswahili unatoa sita. Saa nne unatoa sita unapata kumi. Basi, angeandika "10 o'clock".

Mtafsiri wa Makole
Kumi umeipata mkuu, ila kwa njia ambayo kesho itakuangusha. Ukitoa sita kwenye saa tisa alasiri unapata tatu, sawa. Ukitoa sita kwenye saa tatu usiku unapata nini? Na hata hiyo "10" peke yake haisemi ni asubuhi au usiku.

Andika kwa saa 24, hesabu inakuwa hivi. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, unajumlisha 6: saa nne asubuhi ni 10:00, saa saba mchana ni 13:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano usiku, unajumlisha 18: saa tatu usiku ni 21:00. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri ndipo unapotoa 6: saa sita usiku ni 00:00, saa nane usiku ni 02:00, saa kumi alfajiri ni 04:00.

Faida nyingine ya saa 24 ni kwamba unakwepa "12 am" na "12 pm", ambazo hata wenye lugha yao huzichanganya. Saa sita mchana andika 12:00 na uongeze neno "noon".

Sasa turudi kwa mnunuzi wetu. Kasoma "4 o'clock" akiwa ofisini kwake Hamburg. Kwake hiyo ni saa kumi jioni, tena ya huko. Mwezi Machi kabla ya Jumapili ya mwisho, Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo simu yake italia Dodoma saa kumi na mbili jioni. Muuzaji alimsubiri tangu saa nne asubuhi, na kila mmoja anaona mwenzake si mtu wa ahadi.

dada_Nkuhungu
Naongezea hapo. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya wanasogeza saa mbele, mwaka 2026 ni tarehe 29. Baada ya hapo tofauti na Ujerumani inabaki saa moja. Sisi hatusogezi kamwe, kwa hiyo ukiwa na mkutano wa kila wiki na watu wa huko, siku hiyo ndiyo unaharibika. Kwenye kompyuta ya Windows chagua `(UTC+03:00) Nairobi`, ndiyo saa yetu. Na kwenye barua andika "Tanzania time" kwa kirefu. Ile EAT yenye herufi tatu mgeni anaweza kuisoma kama neno la kula.

Binti wa Itigi
Mimi naona mstari wa lori. Kiswahili alichokuwa nacho kichwani ni "saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi". Saa nane kaandika 8, usiku kaandika "night", Jumamosi kaandika "Saturday". Kila neno lina mwenzake, ila "kuamkia" imedondoka njiani, na ndiyo iliyobeba maana yote. Lori linaondoka 02:00 ya Jumamosi. Mzungu anasoma Jumamosi saa mbili usiku. Saa 18 zimepotea hapo, na kama kuna wakala Dar anayepokea mzigo, anapangiwa siku isiyo yake.

Mtafsiri wa Makole
Umemaliza. Kwa Kiingereza "Saturday night" ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumamosi. Usiku wa kuamkia Jumamosi kwao ni "Friday night", au wakitaja saa baada ya usiku wa manane, wanasema "early on Saturday". Dawa ni kuachana na neno "night" kabisa: weka siku, tarehe na saa 24.

Mzee wa Kikuyu Kusini
Wajukuu, hapo kuna jambo mnalipita haraka. Huku kwetu ukisema "usiku wa Ijumaa" tu, bila kuamkia, sisi wazee tunaelewa Alhamisi jua likishazama, kwa kuwa siku inaanza magharibi. Vijana wa maofisini wanamaanisha Ijumaa yenyewe usiku. Kwa hiyo kabla hujakifikia hicho Kiingereza, muulize kwanza aliyekupa maagizo anamaanisha usiku upi.

Kibaigwa_Mizani
Shikamoo mzee. Mimi naona siku hizi karibu kila mtu anamaanisha Ijumaa yenyewe.

Mzee wa Kikuyu Kusini
Marahaba. Karibu kila mtu unayemjua wewe. Dereva wa lori anaweza kuwa na umri wangu.

karani_mpya
Samahani wakubwa, mimi nina swali langu. Mteja kaniandikia "please confirm by COB Friday". Nimetafuta hiyo COB kwenye orodha ya bidhaa zetu sijaiona. Na je, barua ya kuomba kazi inaanza na "Dear Sir" au jina?

dada_Nkuhungu
Mdogo wangu, COB si bidhaa, ni "close of business", yaani ofisi ikifungwa. Tatizo ni ofisi ya nani. Wewe ukifunga saa kumi na moja jioni Dodoma, kwa mtu wa London kabla hawajasogeza saa ni 14:00, bado ana mchana mzima. Salama yako ni kujibu mapema kwa saa zako, au kumwandikia "I will confirm by 17:00 Tanzania time on Friday 13 March". Hilo la barua ya kazi fungua uzi wake, utajibiwa.

Kibaigwa_Mizani
Mimi sijaona kosa kwenye "until 20 March". Mpaka ni "until", kamusi yenyewe inasema hivyo.

Mtafsiri wa Makole
Kamusi haidanganyi, ila mpaka yetu inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Jiulize kitendo ni cha namna gani. Kama ni hali inayoendelea mfululizo kisha inakoma, ni "until": bei hii ni mpaka tarehe 20, "this price is valid until 20 March". Kama ni kitendo kimoja kinachotakiwa kiwe kimekwisha, ni "by": lipa salio mpaka tarehe 20, "please pay the balance by 20 March". Ukimwambia alipe "until", anaweza kudhani unamwekea malipo ya kidogo kidogo yanayoishia tarehe hiyo.

Hapohapo angalia "before". "By 20 March" tarehe 20 yenyewe imo. "Before 20 March" haimo, mwisho ni tarehe 19. Na "ndani ya siku 7" ni "within 7 days". Ukiandika "in 7 days" umemwambia siku saba zikishapita.

Kuna na hiyo "you will pay". Kwetu "utalipa" inaweza kuwa upole kuliko "lipa". Kwa Kiingereza inasikika kama hakimu anasoma hukumu. "Please pay" fupi inatosha.

Binti wa Itigi
Na ile "is still" ya mwisho ni "cheti bado". Nilifundishwa bado ni "yet".

Mtafsiri wa Makole
Nusu yake. Bado ikiwa na kitenzi cha kukanusha, ni "not yet", na hiyo "not" lazima ionekane: "the certificate has not arrived yet". Bado ikiwa na kitendo kinachoendelea, ni "still": "the laboratory is still testing the sample". Bado ya hesabu, kama "bado mapipa 12", haina "still" wala "yet": andika "12 drums remain to be loaded". Angalizo moja, "you have still not paid" ni Kiingereza sahihi lakini kina hasira ndani yake. Ukidai kwa mara ya kwanza, weka "we have not yet received your payment".

dada_Nkuhungu
Hapo kwenye kukanusha kuna mtego mwingine. Mteja anauliza "Haven't you received the invoice?" Kiswahili kinakubaliana na swali: ndiyo, hatujaipokea. Ukijibu "Yes", kwa Kiingereza umesema umeipokea, na saa ya malipo imeanza kuhesabiwa. Usijibu "yes" wala "no". Rudia jambo lenyewe: "We have not received it."

Mtafsiri wa Makole
Barua yetu sasa, tukiiandika upya:

```
Your 40 drums of honey are ready.
The lorry leaves Itigi on Saturday 14 March at 02:00.
Please pay the balance by Friday 20 March.
Could you call me on Wednesday 11 March at 10:00
Tanzania time, which is 08:00 in Hamburg?
The laboratory certificate has not arrived yet.
```

Mwezi umeandikwa kwa jina makusudi. Mmarekani ukimwandikia 03/04 anasoma tarehe 4 Machi, wewe umemaanisha tarehe 3 Aprili.

Kibaigwa_Mizani
Saa mbili asubuhi ya huko si mapema mno kumpigisha mtu simu?

Binti wa Itigi
Ningempa 11:00 ya kwetu, yeye awe 09:00.

Mzee wa Kikuyu Kusini
Na dereva mmemuuliza ni usiku upi?