Mrejesho: kuzidisha kwa 4 na watoto wasiotulia

Swali langu lilikuwa: "Darasa la tatu hawatulii kipindi kizima cha hisabati, dakika 40. Nifanyeje bila kuwatoa nje?"

Walimu wenzangu, ahsanteni sana. Nilikigawa kipindi vipande vifupi. Naeleza kwa dakika chache, kisha wanafanya maswali matatu tu, si kumi. Baada ya hapo wanasimama, lakini kwa kazi: nimechora mstari wa namba sakafuni kwa chaki, mtoto anaruka 4, 8, 12 huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Swali la 4 × 6 analijibu kwa kuruka mara sita, akitua kwenye 24, kisha anarudi kuliandika.

Mapumziko ya kukimbia ovyo hayakufaa, kwani kuwarudisha kulikula muda. Sasa wanatoka safu moja moja, na mruko wa mwisho ni wa polepole, wakinong'ona namba.

Pia siwasubiri wainuke. Penseli zikianza kudondoka na viti kuyumba, nawasimamisha mapema. Kuna mmoja bado hawezi kumaliza hata maswali matatu. Huyo nampa moja, analeta daftari mezani kwangu, anachukua jingine. Ile safari fupi inamtosha.