Tupeane uzoefu: Mlipitiaje jarida la kamati ya wazazi ambalo tarehe zake zimefichika?

Mhariri Mpya (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nimekabidhiwa kazi ya kulipitia jarida la kamati yetu ya wazazi kabla ya kila toleo kutoka, nami ningependa nianze na yaliyotupata muhula uliopita. Jarida lilikuwa la karatasi moja, mbele na nyuma, na lilifunguliwa kwa salamu za mwenyekiti zenye aya tano. Ndani ya aya ya nne, baada ya shukrani kwa wazazi waliojitolea kupaka rangi madarasa, ilikuwamo sentensi hii: “Aidha, kwa moyo huohuo wa ushirikiano, fomu za ridhaa ya safari ya mafunzo zirejeshwe kabla ya Alhamisi tarehe 14 ili maandalizi yaendelee vizuri.”

Fomu zilizorudi kwa wakati hazikufika nusu. Kwenye kikao ilisemwa kwamba wazazi hawasomi, nami niliamini hivyo mpaka nilipochukua kalamu ya rangi na kupigia mstari kila tarehe iliyokuwa kwenye karatasi ile. Nilihesabu saba. Ni mbili tu zilizokuwa ndani ya kisanduku cha “Matukio”, na zote mbili zilikuwa zimekwisha kupita siku jarida lilipogawiwa. Nilipofungua kalenda niligundua pia kwamba tarehe 14 ilikuwa Jumatano. Mzazi aliyeshika siku alichelewa, aliyeshika tarehe aliwahi, na huyo naye alibaki kujiuliza iwapo neno “kabla ya” linaihesabu siku yenyewe au haliihesabu.

Naomba mliowahi kufanya kazi hii mnieleze mlianzia wapi.

Mpanga Kurasa

Umeanza vyema kwa kalamu ya rangi. Mimi hupitia jarida la shule ya watoto wangu kwa njia hiyohiyo, ila huzigawa tarehe katika mafungu mawili: siku ambayo jambo litatokea, na siku ya mwisho ambayo mzazi anatakiwa awe amefanya kitu. Wahariri wengi huandika kwa uangalifu siku ya tukio na kuisahau siku ya mwisho, ilhali hiyo ya pili ndiyo inayomfunga mzazi. Safari ikiwa mwisho wa mwezi na fomu ikitakiwa wiki mbili kabla, fomu ipewe mstari wake mwenyewe kwenye orodha, mahali pake kwa mpangilio wa siku, isije ikawekwa chini ya safari kama maelezo ya ziada.

Sentensi yako ningeitoa kabisa kwenye salamu na kuiandika hivi, juu ya ukurasa wa kwanza: “Jumatano tarehe 14, mwisho saa 6 mchana: rudisha fomu ya safari ya mafunzo, ikiwa imetiwa saini, kwa mwalimu wa darasa.” Siku na tarehe zimekubaliana, saa imetajwa, kitendo kimetajwa, na anayepokea ametajwa. Neno “kabla ya” halipo tena, kwa hiyo hakuna wa kubishana juu yake.

Kuhusu saa, chunguzeni jambo moja ambalo lilituponza sisi. Tuliandika “mkutano utaanza saa 8:00”, wengine wakaisoma kwa saa ya Kiswahili na kuja mchana, wengine wakaisoma kama inavyoonekana kwenye simu na kufika asubuhi, wakakuta mlango umefungwa. Tangu hapo kila saa hufuatana na neno asubuhi, mchana au jioni, bila kujali kama mwandishi anaona maana iko wazi. Mwezi nao tunauandika kwa jina, kwa kuwa 4/5 yuko anayeisoma tarehe nne ya mwezi wa tano na yuko anayeisoma tarehe tano ya mwezi wa nne.

Baba wa Mapacha

Kwa maoni yangu tatizo hili lina dawa nyepesi. Tarehe zote ziandikwe kwa herufi kubwa, nene, zenye rangi nyekundu, na kila moja izungushiwe kisanduku. Sisi tulifanya hivyo na hakuna aliyeweza kusema hakuiona.

Mpanga Kurasa

Ndugu yangu, upo sahihi kwamba tarehe lazima ionekane tofauti na maandishi mengine, lakini njia hiyo huisha nguvu haraka. Tarehe moja nene katika ukurasa hulivuta jicho. Tarehe saba nene, katika visanduku saba, hulifanya jicho lisijue pa kutua. Herufi kubwa tupu zina shida nyingine pia: maneno yote hupata umbo la mstatili, na msomaji hulazimika kuyasoma polepole. Sisi hutumia unene kwa siku na tarehe peke yake, kitendo kikafuata kwa herufi za kawaida.

Rangi nayo ipimwe kwa mashine itakayotumika. Majarida mengi hupangwa kwenye kompyuta yakiwa na rangi, kisha yakatolewa fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Nyekundu yako hugeuka kijivu kilichoiva, ikafanana na maandishi ya pembeni. Kisanduku chenye usuli wa rangi hugeuka doa jeusi, na tarehe iliyokuwa ndani yake ndiyo ya kwanza kupotea. Kabla hujaidhinisha toleo, toa nakala moja kwa mashine ileile, uishike umbali wa mkono ulionyooka, kisha utazame kitu gani unakiona kwanza. Mimi niliwahi kufanya hivyo nikaona kwanza picha ya baluni.

Baba wa Mapacha

Hilo la fotokopi sikulifikiria, kwani mimi hulipokea jarida letu kwenye simu. Hata hivyo, kwenye simu nako lina usumbufu wake: limepangwa safu mbili, hivyo nalazimika kulikuza, kulivuta kushoto, kisha kulirudisha juu. Wakati mmoja nilisoma safu ya kwanza peke yake nikadhani nimemaliza.

Mama wa Zamu

Samahani kama naingilia, lakini mnazungumzia tarehe kufichwa wakati kwetu tatizo ni tarehe zenyewe. Mikutano yote huwekwa asubuhi ya siku ya kazi, nami nafanya kazi kwa zamu. Hata ikiandikwa kwa maandishi makubwa kama bango, sitaweza kuhudhuria. Nimewahi kupokea jarida Ijumaa jioni likinialika mkutano wa Jumatatu asubuhi.

Mhariri Mpya

Dada, saa za mikutano hupangwa na kamati na mimi mhariri sina uwezo wa kuzibadilisha, ila mfano wako wa Ijumaa na Jumatatu unanihusu moja kwa moja. Katika ukaguzi wangu sikuwa na mahali pa kulinganisha siku ya kugawa jarida na tarehe ya kwanza iliyomo ndani. Nimeongeza hilo leo.

Bibi Mlezi

Wanangu, mimi nalea wajukuu watatu, na naomba niseme kuhusu lugha. Jarida letu huanza na “Wapendwa Baba na Mama”, na kila likifika, mjukuu wangu mdogo huniuliza kama barua ile ni yetu. Toleo moja lilikuwa na maneno haya: “Kamati imesikitishwa na wazazi wasiojali mahudhurio ya watoto wao.” Mjukuu wangu mmoja alikuwa amelazwa hospitalini juma zima, na mwalimu alikuwa na taarifa. Niliyasoma maneno yale nikajiona nimetajwa. Yule aliyekusudiwa, kama yupo, sidhani hata alilisoma.

Mhariri Mpya

Shikamoo Bibi, nashukuru sana kwa kutueleza hili. Nimerudi kwenye matoleo yetu matatu yaliyopita na nimekuta sentensi mbili za aina hiyo, zote zikiwa kwenye jarida linaloenda kwa kila familia ilhali jambo lenyewe liliwahusu wachache. Sasa salamu zetu zitasomeka “Wapendwa wazazi na walezi”. Ile sentensi ya mahudhurio nimejaribu kuiandika upya: “Mtoto akishindwa kufika shuleni, tafadhali mjulishe mwalimu wa darasa siku hiyohiyo asubuhi, ili asihesabiwe mtoro.” Je, ungeipokea bila kuumia?

Bibi Mlezi

Marahaba mwanangu. Hiyo inaniambia la kufanya, basi nitalifanya. Ya kwanza ilinieleza tu jinsi ninavyoonwa.

Mweka Hazina Mstaafu

Kwa upande wangu utata mkubwa ulikuwa kwenye vitenzi. Tangazo moja la mchango wa vitabu vya maktaba lilisema kwenye aya ya kwanza kwamba wazazi “wanahimizwa” kuchangia, aya ya pili kwamba “wanaombwa”, na mwishoni kwamba “wanatakiwa kukamilisha” ifikapo mwisho wa mwezi. Nilipokea maswali kwa wiki mbili. Wapo walioona ni hiari wakaacha, na wapo waliojinyima wakidhani mtoto atazuiwa kuingia darasani. Mchango ulikuwa wa hiari tangu mwanzo, na mimi niliyeandika tangazo nilibadilisha vitenzi ili tu nisirudie neno.

Tangu siku hiyo niliweka kanuni. “Mnatakiwa” ni kwa jambo la lazima, na hapo hutajwa nani ameliamua, shule au kamati. “Tunaomba” ni kwa jambo la hiari, na neno hiari huandikwa waziwazi katika sentensi hiyohiyo. “Mnahimizwa” nililiacha kabisa, kwa sababu sikuweza kumweleza mzazi yeyote maana yake ni ipi. Nasisitiza pia tarehe iandikwe mahali pamoja tu. Ikiwa kwenye orodha na kwenye habari, ikibadilika utarekebisha moja na kuisahau ya pili.

Mpanga Kurasa

Hapo kwenye tarehe kuwekwa mahali pamoja sikubaliani nawe, mzee wangu. Mzazi anayesoma habari ya safari akifika mwisho hapaswi kugeuza ukurasa ili ajue ni lini. Mimi huiweka kwenye orodha na ndani ya habari, na kabla ya kuchapa husoma zote mbili kwa sauti pamoja na mtu mwingine aliyeshika kalenda.

Mweka Hazina Mstaafu

Na siku huyo mtu mwingine asipokuwapo? Tuliwahi kuwa na mkutano mmoja wenye tarehe mbili. Nabaki na msimamo wangu.

Mhariri Mpya

Nimejaribu mapendekezo yenu kwenye toleo la wiki hii. Orodha ya tarehe iko juu ya ukurasa wa kwanza, mistari mitano, safu moja, na picha zote zimeondolewa isipokuwa moja. Salamu za mwenyekiti zimehamia nyuma, na yeye hajaridhia bado. Anasema barua isiyoanza kwa salamu ni utovu wa adabu, nami sina jibu la kumtosheleza, kwa hiyo tumekubaliana mstari mmoja wa salamu ubaki juu.

Rasimu nilimpa mzazi mmoja ambaye hakuwahi kuiona, nikamwuliza maswali matatu tu: jambo gani unatakiwa kulifanya kwanza, lini, na lipi kati ya haya ni hiari. La kwanza na la tatu alijibu papo hapo. La pili aliitaja tarehe sawasawa, kisha akaniuliza: “Fomu ni mwisho saa 6 mchana, lakini mtoto hukabidhi asubuhi. Je, akiisahau, naweza kuileta mwenyewe, na nikifika nimpe nani, kwa kuwa wakati huo mwalimu yuko darasani?” Nimempigia simu mwalimu kuuliza.