Zafarani tatu za biriani ya arusi: ipi ya kweli?

Bi Mwana wa Langoni, Lamu
Assalamu alaykum. Ijumaa ya wiki ijayo nina biriani ya arusi, watu 60, na bibi arusi mwenyewe ameomba zafarani, si rangi ya pakiti. Nimenunua tatu kidogo kidogo ili nilinganishe. Ya kwanza ni nyuzi za kopo dogo la gramu 1 kutoka duka moja hapa mjini, shilingi 700. Ya pili ni nyuzi za kupima, muuzaji mmoja aliniambia zimetoka Irani, gramu 10 kwa shilingi 1,500. Ya tatu ni unga, gramu 5 kwa 400. Machoni zote nyekundu. Nitajuaje kabla sijaharibu sufuria ya watu?

Famau wa Shela
Waalaykum salaam. Dada, usijitaabishe. Tia kila moja majini. Maji yakigeuka manjano ni ya kweli, yasipogeuka si zafarani. Mamangu alifanya hivyo miaka yote.

Mzee wa Viungo, Malindi
Famau, mamako alifanya jambo la maana, ila nadhani umesahau nusu yake. Rangi ya biriani ya pakiti nayo hugeuza maji manjano, tena haraka kuliko zafarani. Rangi peke yake haitoshi. La kutazama ni mwendo wake, na hali ya uzi baada ya rangi kutoka.

Bi Mwana, chukua vikombe vyeupe na maji baridi, yasiwe ya moto. Tia nyuzi 5 katika kila kikombe, usikoroge, ukae nazo robo saa. Zafarani ya kweli haina pupa. Mwanzo huoni kitu, kisha michirizi ya dhahabu inateremka polepole kutoka kwenye uzi, na uzi wenyewe unabaki mwekundu muda mrefu. Uzi uliopakwa rangi humwaga papo hapo, maji huwa machungwa au mekundu, nao hubaki umepauka kama jani kavu.

Kisha utoe uzi uliolowa uutandaze kwenye sahani. Zafarani ni kile kinywa cha katikati ya ua, na kila ua lina nyuzi 3 tu. Ncha moja ni nyembamba, ya pili imefunguka mfano wa tarumbeta, pembezoni imechanika chanika. Ukiona kijimrija kilichopasuka juu vipande 5 vyembamba, hilo ni ua la mmea mwingine wenye miiba, wanalouza sana kwa jina la zafarani. Lenyewe halina sumu, ila halina harufu wala uchungu wa zafarani.

Hebu tuitazame na bei. Gramu 1 ya zafarani kavu inataka maua kama 150, yachumwe na kuchambuliwa kwa mkono. Gramu 10 ni maua 1,500. Wewe umeuziwa kwa shilingi 1,500, yaani shilingi moja kwa ua, pamoja na usafiri na faida ya kila aliyeishika njiani. Mimi nisingeinunua hata kabla ya kuitia majini.

Keki za Barani, Malindi
Samahani naingilia, mimi vanila ndiyo iliyonitesa. Nilinunua chupa kubwa kwa bei ya chini, harufu ilijaa jiko zima, keki ikitoka tanurini hakuna kitu. Nayo pia naweza kuipima majini?

Mzee wa Viungo, Malindi
Hapana, bibi, maji hayasaidii kwenye vanila. Hiyo yako naona ni harufu iliyotengenezwa kiwandani. Inaruhusiwa kuuzwa mradi kibandiko kiseme hivyo, basi soma maandishi madogo. Wala vidoa vyeusi ndani ya chupa visikudanganye, maana mbegu zilizokwisha kukamuliwa harufu husagwa zikatiwa ili ionekane ya asili. Kama unaweza, nunua maganda yenyewe. Zuri huwa laini, lina mafuta kidogo, na hujikunja kidoleni bila kuvunjika.

Famau wa Shela
Na mafuta ya zeituni? Hapo najua: tia kwenye friji, yakiganda ni halisi.

Mzee wa Viungo, Malindi
Hilo silikubali, mwanangu. Mafuta halisi mengine huganda na mengine hayagandi, kwa tofauti ya aina ya zeituni, na yaliyochanganywa nayo huweza kuganda. Mimi huonja: yaliyo mabichi na mazuri huwa na uchungu kidogo na huwasha koo. Lakini hata ulimi haukamati mchanganyiko wote. Turudi kwa Bi Mwana, siku zinamkimbia.

Bi Mwana wa Langoni, Lamu
Nimefanya jana baada ya Isha, na mwanangu akishika saa.

Ya kupima haikufika dakika 1, kikombe chote machungwa. Robo saa baadaye nyuzi zilikuwa rangi ya majani makavu. Nilipozitandaza nikaona vile vijimrija vilivyopasuka, kama ulivyosema. Nimeonja, haina ladha yoyote.

Ya kopo ilikaa kimya hadi kama dakika ya 5, kisha dhahabu ikaanza kushuka. Hadi asubuhi nyuzi zilikuwa bado nyekundu. Ladha chungu, harufu kama nyasi kavu na asali.

Unga ulinichanganya. Maji manjano mazuri, harufu ipo ipo.

Mzee wa Viungo, Malindi
Unga tia kijiko cha maji yake kwenye kisahani, kisha nyunyizia magadi kidogo. Manjano yetu ya jikoni yakikutana na magadi hugeuka nyekundu ya damu ya mzee. Zafarani hubaki njano.

Bi Mwana wa Langoni, Lamu
Imegeuka palepale! Nyekundu ya kahawia. Kwa hiyo shilingi 400 nimenunua manjano.

Mzee wa Viungo, Malindi
Manjano yamo, hilo hakika. Kama na zafarani kidogo imo, jikoni hatuwezi kujua. Ndiyo maana unga siununui kamwe, nasaga mwenyewe.

Sasa hiyo ya kopo, jaribu mawili zaidi. Bana nyuzi chache ndani ya karatasi nyeupe. Zikiacha doa la mafuta, zimepakwa ili ziongeze uzito. Halafu tia uzi mmoja kwenye mafuta ya kupikia yenye vuguvugu. Rangi ya zafarani hupenda maji, haiingii kwenye mafuta. Mafuta yakiwa mekundu, mna rangi ya kiwandani ambayo hupaswi kuila.

Bi Mwana wa Langoni, Lamu
Mafuta yamebaki safi, alhamdulillahi. Karatasi haina doa, ila nyuzi zimeshikamana, hazivunjiki kavu kavu.

Keki za Barani, Malindi
Basi wamezilowesha hao! Zafarani inafaa ivunjike.

Mzee wa Viungo, Malindi
Huenda. Lakini kopo likifunguliwa Lamu wakati huu wa mvua, siku mbili tu hunyonya unyevu wa bahari. Ungejua tu kama ungezivunja kidoleni palepale ulipolifungua. Pia kuna nyuzi za kweli zilizokamuliwa rangi kisha zikapakwa upya. Umbo lake ni sahihi, na hizo maabara tu ndiyo huzikamata. Uchungu ulioonja unanipa moyo kwamba si hizo.

Bi Mwana wa Langoni, Lamu
Nachukua za kopo, makopo mawili mengine, na safari hii nitazivunja nyuzi kidoleni palepale nikiyafungua. Nitasaga na chembe za sukari, niloweke kwenye maji ya moto na marashi ya mawaridi tangu adhuhuri. Famau, unakuja arusini?

Famau wa Shela
Nakuja. Na kikombe cheupe nitakuja nacho.