Naomba ushauri: maumivu ya ubavu yanayoshuka hadi kinenani

Habari zenu wakuu. Mume wangu ni dereva wa lori. Juzi saa nane usiku aliamka ghafla ameshika ubavu wa kushoto, maumivu yanashuka hadi kinenani na kwenye korodani. Yanapoa kidogo, yanarudi. Hakuweza kulala wala kukaa, alizunguka chumba kizima huku anatapika. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi.

Hospitali walimchoma sindano ya diklofenaki, akatulia. Picha ya siti skani imeonyesha jiwe la milimita 4 kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Daktari anasema dogo hivyo mara nyingi hutoka lenyewe. Anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, na akojolee kwenye chujio ili jiwe likapimwe. Akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukikata, tukimbie hospitali hata usiku, maana figo iliyoziba ikiingia maambukizi inaweza kuua.

Waliopitia hili, lilichukua siku ngapi kutoka? Halafu ana vidonda vya tumbo na tulisahau kumwambia daktari. Vidonge vya diklofenaki nimeviweka pembeni, anameza parasetamoli tu. Kesho nimrudishe abadilishiwe dawa, au kuna aliyewahi kupewa nyingine?