N-gramu au LSTM ya herufi: perpleksiti ya 2.5 ni ya kweli au nimejidanganya?

mchapa_kurasa
Wakuu, naomba jicho la pili. Nina kurasa kuukuu zilizopigwa picha, na programu inayozigeuza kuwa maandishi inachanganya "m" na "rn", mara "l" inakuwa "1". Nataka modeli ndogo ya herufi inisaidie kuamua, kwa mfano, kati ya "mama" na "rnama".

Nimekusanya habari za mtandaoni, kama herufi milioni 3. Nikachanganya mistari yote, nikatenga asilimia 10 ya kupimia. Chaguo la kwanza ni n-gramu, ile ya kuhesabu herufi gani hufuata zipi; inajengwa kabla chai haijapoa. La pili ni LSTM ya tabaka mbili, yaani mtandao wa neva unaosoma herufi moja moja huku ukikumbuka zilizopita; laptopu ilikesha nayo. Perpleksiti kwenye maandishi niliyotenga:

n-gramu ya herufi 5: 4.1
n-gramu ya 8: 3.1
n-gramu ya 12: 2.5
LSTM: 3.9

Kwa hiyo ya 12 ndiyo mshindi? Kinachonitia shaka ni kwamba nikiiacha iandike yenyewe, inatoa aya nzima za habari nilizokwisha kuzisoma.

pwani_data
Mkuu, perpleksiti ndogo ndiyo nzuri, mambo mengine ni mbwembwe. 2.5 maana yake kila hatua modeli inasita kama mtu anayechagua kati ya herufi mbili na nusu. Chukua n-gramu, LSTM waachie wenye umeme wa uhakika.

bi_hesabu
Maana ya 2.5 umeieleza sawa, pwani_data, ila uamuzi umewahi. Tazama zile namba zinavyoshuka: 5, 8, 12, na bado zinateremka. Kwa herufi milioni 3 haiwezekani. Mfuatano wa herufi 12 za Kiswahili kwa kawaida unaukuta mara moja tu, au huukuti kabisa, kwa hiyo n-gramu ndefu hivyo inapaswa kukwama au kuanza kupanda baada ya 6 hivi. Ikiendelea kushuka, maandishi ya kupimia yamo ndani ya ya kufundishia.

mchapa_kurasa, habari moja hunakiliwa na tovuti tano. Ukichanganya mistari, nakala nne zinakwenda kufundisha, ya tano inakwenda kupima. Modeli haijajua Kiswahili, imekariri. Ondoa nakala kwanza, halafu tenga habari nzima nzima, si mistari.

Na swali: hizo modeli mbili zinasoma herufi zilezile?

mchapa_kurasa
Hapo umenishika. Skripti ya n-gramu inageuza herufi kubwa kuwa ndogo na kutupa alama za uandishi, zinabaki alama 29. LSTM inasoma kila kitu, alama 74.

bi_hesabu
Basi hukulinganisha modeli, umelinganisha mitihani miwili. Aliyeulizwa swali rahisi kapata alama nyingi. Koma na herufi kubwa ya jina la mtu ndizo ngumu kubashiri, na n-gramu yako haikuulizwa hizo.

Kuna na kidudu kingine, nakuombea kisikupate: kiapostrofi cha "ng'ombe". Tovuti nyingine zinaandika kilichonyooka, nyingine kilichopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili. Ikitokea kwenye maandishi ya kupimia alama ambayo n-gramu haijaiona, inaipa uwezekano wa sifuri, na faili zima linasoma `inf`. Rekebisha mwanzoni, kwa faili zote mbili:

```python
text = text.replace("\u2019", "'")
```

Hata baada ya hapo, iachie kila alama uwezekano kidogo, isiwe sifuri.

mzee_wa_tokeni
Mimi nina modeli ya vipande vya maneno, si herufi. Perpleksiti yangu ni 38. Nilidhani imefaulu, kumbe nyinyi mko kwenye 4! Niitupe?

bi_hesabu
Usitupe, mzee wangu. Yako inabashiri kipande kizima, zao herufi moja. Logi ya 38 kwa kizio cha 2 ni kama biti 5.25. Ikiwa kipande chako kwa wastani kina herufi 3.5, hizo ni biti 1.5 kwa herufi, sawa na perpleksiti 2.8. Ukiiacha ile 2.5 ya kukariri, huenda umewapita wote, mradi wastani huo umeuhesabu kwenye maandishi yako ya kupimia, si kwenye orodha ya vipande.

pwani_data
Mimi huchukua perpleksiti ya kila mstari kisha natafuta wastani. Hiyo si inatosha?

bi_hesabu
Haitoshi. Mstari wa herufi 10 umepata 16, mstari wa herufi 90 umepata 4. Wastani wako ni 10. Lakini ule mfupi umegharimu biti 4 kwa herufi, yaani 40, na mrefu biti 2, yaani 180. Jumla 220 kwa herufi 100, biti 2.2, perpleksiti 4.6. Vichwa vya habari vifupi vitakuumiza bure. Jumlisha faili zima, ugawe mara moja tu mwishoni:

```python
from numpy import log2
H = -sum(log2(p) for p in probs) / len(probs)
print(H, 2**H)
```

mchapa_kurasa
Nimerudi baada ya siku tatu. Nimeondoa nakala, nimetenga habari nzima, alama ni zilezile kwa modeli zote. Sasa n-gramu ya 5 ni 4.9, ya 6 ni 4.7, ya 8 imepanda 5.2, ya 12 imefika 6.8. LSTM ni 4.1.

pwani_data
Haya, nameza maneno yangu. LSTM basi.

bi_hesabu
Subiri. Hiyo ya 12 kupanda kiasi hicho, nashuku ulainishaji wako, yaani namna unavyoipa uwezekano mifuatano ambayo modeli haijaiona, ni ule wa kuongeza namba ndogo ileile kwa kila hesabu. Jaribu ulainishaji wa Kneser-Ney, unaoegemea mifuatano mifupi pale mrefu unapokosekana, mstari utanyooka. Sidhani itaifikia LSTM, lakini pengo litapungua. Na kwa kazi yako sijui kama pengo lina maana: kosa la "rn" linaonekana ndani ya herufi tano au sita, halihitaji kumbukumbu ndefu.

mchapa_kurasa
Ndicho nilichokiona. Nilikagua kwa macho sehemu 50 zenye utata: n-gramu ya 6 imepatia 46, LSTM 47. Ila zote mbili zimeligeuza jina "Ernest" kuwa "Emest", mara tatu!

bi_hesabu
Unachagua kwa perpleksiti au kwa jumla ya logi?

mchapa_kurasa
Jumla. Kwa perpleksiti "rnama" ilikuwa inapona mahali pengine, kwa sababu ina herufi tano na gharama inagawanywa kwa tano.

bi_hesabu
Jumla ndiyo sahihi, ila ina upendeleo wake: herufi ya ziada daima inalipiwa, kwa hiyo "m" ina nafuu dhidi ya "rn". Inabidi uongeze uzito wa kosa lenyewe, yaani programu yako huigeuza "m" kuwa "rn" mara ngapi. Huo uzito modeli ya lugha haiwezi kukupa, uhesabu kwenye kurasa zako.

mzee_wa_tokeni
Kurasa ngapi zitatosha?

bi_hesabu
Hapo tunabishana hata ofisini. Mimi ningeanza na kurasa 20 zilizosahihishwa kwa mkono, nione kama Ernest anarudi.