Mrejesho: PR yenye mjadala iliyobandikwa lebo ya Stale

Niliuliza: "PR yetu ya ratiba ya feri ya Likoni iko wazi muda mrefu, lakini watu wanaijadili kila wiki. Mbona boti inaiita Stale?"

Wakuu, ahsanteni, imetatuka. Aliyenishauri nifungue faili la `actions/stale` alilenga penyewe. Kulikuwa na `ignore-updates: true`, iliyoachwa na mtangulizi wangu hapa Mombasa. Ikiwa hivyo, boti huhesabu tangu PR ilipofunguliwa, na komenti hazisogezi saa. Siku 60 za kawaida zikipita, lebo inabandikwa hata kama jana mlibishana hadi usiku. Nimeweka hivi:

```yaml
ignore-updates: true
ignore-pr-updates: false
```

Mstari wa pili unashinda wa kwanza kwa PR pekee. Lebo ya zamani niliitoa kwa mkono.

Ila sasa shida imegeuka: kubadilisha lebo tu, au komenti ya boti nyingine, nako kunahesabiwa kuwa uhai. Kuna PR moja mwenyewe katoweka, majaribio yanafeli, na bado inaonekana hai. Hizo nazipitia mwenyewe, naangalia komenti ya mwisho ya binadamu na komiti ya mwisho.